Jumla Haifiki: Kutafuta fomula zilizoruka mistari na nambari zilizochapwa juu ya hesabu

Faili nyingi za malipo ninazoletewa hapa Nakuru ni za vikundi vya maziwa, na malalamiko ni yale yale: pesa zilizotolewa benki hazikutosha kulipa wote, au mkulima mmoja analipwa kiasi kile kile hata lita zake zikibadilika. Mara nyingi hakuna mtu aliyeiba. Fomula ya jumla imeacha mistari, au mtu amechapa nambari mahali ambapo fomula ilikuwa ikikaa. Makosa haya mawili hayaleti alama ya kosa yoyote nyekundu, ndiyo maana hukaa miezi.

Nitatumia lahajedwali moja kama mfano, ya kikundi kinachokusanya maziwa upande wa Bahati. Seli C2 ina bei ya lita. Kuanzia mstari wa 5, safu B ni jina, C ni lita za mwezi, D ni malipo ghafi, E ni makato (chakula cha mifugo alichokopa agroveti, usafiri, advansi) na F ni malipo halisi. Fomula za mstari wa 5 ni hizi, kisha zikavutwa hadi chini:

```
D5:  =C5*$C$2
F5:  =D5-E5
```

Kabla ya kugusa chochote, nakili faili nzima, uipe jina jingine, na ufanye uchunguzi kwenye nakala. Ukianza kurekebisha kwenye faili yenyewe utapoteza ushahidi wa kosa lilikuwa wapi, na kesho mkutanoni utaulizwa.

## Dalili ya 1: Jumla ya chini ni ndogo kuliko malipo ya watu yakijumlishwa

Anza na ukaguzi usiohitaji fomula. Teua seli zote za malipo halisi, kutoka mkulima wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuchukua mstari wa jumla. Angalia ukingo wa chini wa skrini: Excel huandika Sum na Count pale, na Google Sheets huandika Sum kwenye kona ya chini kulia. Kama Sum hiyo si sawa na jumla iliyoandikwa chini ya safu, tayari umepata tatizo. Sasa bofya mara mbili seli ya jumla. Eneo linalojumlishwa litazungukwa na rangi, nawe utaona kwa macho linapoishia.

Mistari iliyoongezwa mwishoni. Hiki ndicho chanzo kikuu, na hakina mpinzani wa karibu. Kikundi kilikuwa na wakulima 24, kutoka mstari wa 5 hadi wa 28, na jumla ilikuwa mstari wa 29. Wakajiunga watatu. Karani akabofya mstari wa jumla, akaingiza mistari mitatu juu yake, akabandika majina na lita kutoka orodha nyingine, akavuta fomula. Jumla ikasukumwa hadi mstari wa 32, lakini ndani yake bado imeandikwa:

```
=SUM(F5:F28)
```

Ukiingiza mstari katikati ya eneo, eneo hupanuka. Ukiuingiza baada ya seli ya mwisho, au juu ya seli ya kwanza, mstari huo uko nje ya eneo na unabaki nje. Wengine watakuambia kwamba Excel hujipanua yenyewe. Ni kweli kwamba ina mpangilio, Extend data range formats and formulas, unaoweza kuvuta mwisho wa eneo pale unapochapa kwa mkono chini yake. Lakini usiutegemee. Safu ya lita, iliyochapwa, inaweza kupanuka huku safu za malipo zilizovutwa kwa fomula zikibaki zilivyokuwa, na hapo unapata lita za watu 27 na pesa za watu 24 kwenye mstari mmoja.

Kosa hili halichagui elimu. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi, makala iliyonukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Massachusetts Amherst aliomba faili yao, akakuta wastani umechukuliwa kutoka L30 hadi L44 badala ya L49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Halikuwa kosa pekee katika makala hiyo, ila ndilo lililoonekana kwa kubofya seli moja.

Mstari mtupu katikati. Kikundi kinapotenganisha njia za gari, watu wa Kabatini juu na wa Dundori chini, karani huacha mstari mmoja mtupu ili karatasi ipendeze. Kisha anabofya AutoSum. Kitufe hicho hupanda juu kikikusanya nambari na kusimama kinapokuta seli tupu, kwa hiyo jumla inakuwa ya Dundori peke yake. Ukiona jumla iko chini sana, karibu nusu ya ulichotarajia, tafuta nafasi tupu kwanza.

Nambari zilizo maandishi. Lita zikitoka kwenye ujumbe wa simu au orodha iliyonakiliwa, baadhi huingia kama maandishi. Zinafanana na nambari, ila kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa seli. Hapa pana mtego unaowapotosha hata wazoefu: `SUM` huruka maandishi, lakini kuzidisha hakuruki. Seli yenye 395 ya maandishi ikizidishwa kwa bei italeta malipo sahihi kabisa ya mkulima huyo, huku jumla ya lita ikimpuuza. Pima hivi:

```
=COUNTA(C5:C31)-COUNT(C5:C31)
```

`COUNTA` huhesabu kila seli yenye kitu, `COUNT` huhesabu nambari tu. Jibu likiwa si sifuri, hizo ndizo seli zenye maandishi. Kwenye Excel teua safu hiyo, nenda Data, Text to Columns, kisha bofya Finish moja kwa moja. Zikikataa, kwa kawaida kuna nafasi au herufi imejificha ndani. Chapa upya kwa mkono ukiwa na daftari mbele yako.

Kichujio. Ukikuta `SUBTOTAL` badala ya `SUM`, jumla hubadilika mtu anapochuja orodha, kwa sababu mistari iliyochujwa haihesabiwi. Ondoa kichujio, uangalie tena. Hili ni nadra na hutatuliwa kwa kubofya mara moja.

## Dalili ya 2: Unabadilisha lita au bei, na malipo ya mtu mmoja hayasogei

Jaribio la haraka: kwenye nakala yako, weka bei C2 iwe 0. Malipo ghafi yote yanapaswa kuwa sifuri. Seli yoyote inayobaki na pesa imechapwa kwa mkono au ina bei yake ya siri ndani. Nalipenda jaribio hili kuliko yote kwa sababu hata mwenyekiti asiyejua kompyuta anaelewa anachokiona. Ukimaliza, rudisha bei kwa Ctrl+Z.

Kama hakuna hata seli moja iliyosogea, usianze kuwinda nambari. Huenda faili imewekwa isikokotoe yenyewe. Bonyeza F9, mambo yakisogea, nenda Formulas, Calculation Options, uchague Automatic.

Nambari iliyochapwa juu ya fomula. Sababu huwa ya kibinadamu sana. Daftari la lita limechelewa kutoka kituoni, malipo yanatakiwa leo, karani anachapa kiasi moja kwa moja kwenye D ili mkulima asikose. Mwezi unaofuata anafungua faili hiyo hiyo, anaihifadhi kwa jina jipya, anafuta safu ya lita na makato, anajaza upya. Safu D haigusi, maana anajua ni fomula. Ile moja iliyochapwa inahama na faili kila mwezi.

Kwenye Excel, teua D5 hadi D31, bonyeza F5, bofya Special, chagua Constants na uache alama kwenye Numbers tu. Seli zilizochapwa zitateuliwa zote kwa pamoja. Ukiambiwa No cells were found, ni habari njema. Google Sheets haina njia hiyo, kwa hiyo weka hii pembeni, safu ya H, na uivute chini:

```
=ISFORMULA(D5)
```

Panapotokea FALSE, pamechapwa. Google Sheets inakupa kitu kingine chenye thamani zaidi: bofya seli hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Show edit history, utaona nani aliibadilisha, lini, na kilichokuwapo kabla. Angalia peke yako kwanza. Nimeona mkutano mzima ukiharibika kwa sababu jina la mtu lilirushwa ukutani kwa projekta kabla hajaulizwa.

Bei iliyofichwa ndani ya fomula. Hii inavipita vipimo vya Constants na `ISFORMULA`, ingawa jaribio la bei sifuri huikamata. Seli yenye `=C19*46` ni fomula halali, `ISFORMULA` itasema TRUE, na lita zikibadilika inasogea vizuri. Ila haijui kwamba bei imepanda. Bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha ` kilicho chini ya Esc, na kila seli itaonyesha fomula yake badala ya jibu. Shuka na macho yako safu nzima. Orodha ya `=C17*$C$2`, `=C18*$C$2` inasomeka kwa mdundo mmoja; `=C19*46` itakukwaruza jicho. Bonyeza tena vitufe hivyo kurudi. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli pia huashiria fomula isiyofanana na jirani zake, lakini watu wengi wameshazizoea na kuzizima.

Kubandika thamani. Mtu amenakili safu nzima akaibandika kwa Paste Special, Values, labda ili kuituma kwa simu bila fomula, kisha akahifadhi juu ya faili ya asili. Hapo si seli moja, ni safu yote imekufa. Usirekebishe seli moja moja. Rudisha fomula ya mstari wa kwanza na uivute chini, kisha ulinganishe na malipo yaliyokuwapo.

## Dalili ya 3: Ukaguzi wote unasawazika, lakini pesa hazitoshi

Faili hii ndiyo ngumu, nayo nitaieleza kwa nambari zake. Bei ni shilingi 48, ilikuwa 46 mwezi uliopita. Mstari wa jumla, wa 32, unasema lita 8,640, ghafi 415,080, makato 52,300, halisi 362,780. Mwekahazina anatoa 362,780, na wakulima watatu wa mwisho wanakosa pesa.

Karani ana kipimo anachokiamini: ghafi kutoa makato lazima iwe sawa na halisi.

```
=ROUND(F32-(D32-E32),2)
```

Jibu ni 0. Anaapa faili iko sawa. Lakini kipimo hicho hakiwezi kuona mistari iliyorukwa, kwa sababu safu zote nne zimeishia mstari wa 28. Zimekosea kwa pamoja, kwa hiyo zinakubaliana. Wala hakiwezi kuona nambari iliyochapwa kwenye D, kwa kuwa F huisoma D hiyo hiyo na kuendelea nayo. Kingeona tu kama nambari ingechapwa kwenye F.

Kipimo cha pili kinapitia njia tofauti, kutoka lita hadi pesa:

```
=ROUND(D32-C32*C2,2)
```

Lita 8,640 kwa 48 ni 414,720, kwa hiyo jibu ni 360. Kuna shilingi 360 ambazo hazikutokana na lita yoyote. Jaribio la bei sifuri linaiacha D14 ikiwa na 19,320. Mwezi uliopita mkulima huyo alilipwa lita 420 kwa 46, na hiyo ni 19,320 kamili. Mwezi huu ana lita 395, anapaswa kupata 18,960. Amezidishiwa 360. Hakulalamika, na sitarajii alalamike. Anayefika ofisini ni aliyepunjwa. Ndiyo maana malalamiko peke yake hayatoshi kusafisha faili.

Bado wale watatu hawajaonekana. Kipimo kinachowaona si cha pesa, ni cha vichwa. Hesabu majina kwenye lahajedwali, kisha uhesabu mistari iliyomo ndani ya jumla:

```
=COUNTA(B5:B31)
=ROWS(F5:F28)
```

27 na 24. Linganisha 27 hiyo na rejista ya karatasi ya wanachama waliopeleka maziwa, kwa sababu hata orodha ya majina inaweza kuwa na upungufu. Watatu hao walileta lita 310, 186 na 240, makato yao ni 2,400, sifuri na 1,200, na malipo halisi yao ni 12,480, 8,928 na 10,320. Jumla 31,728.

Rekebisha kosa moja, andika tofauti, ndipo uende kwa jingine. Ukipanua maeneo hadi mstari wa 31, halisi inapanda kutoka 362,780 hadi 394,508, yaani 31,728 barabara. Ukirudisha fomula kwenye D14 inashuka hadi 394,148. Ukifanya yote kwa mkupuo utaona tofauti ya 31,368, ambayo si ya mtu yeyote, na utakesha ukiitafuta. Kwa uzoefu wangu, tofauti inayolingana na malipo ya mtu au watu kamili ni mistari iliyorukwa. Tofauti ndogo ya ajabu ajabu ni nambari iliyochapwa.

## Dalili ya 4: Fomula ya jumla ina mkia

Unabofya jumla unakuta `=SUM(F5:F28)+12480`. Mtu aliona upungufu, akauziba. Ondoa mkia, panua eneo, basi. Kama mkia haulingani na malipo ya mtu yeyote kwenye orodha, usiuondoe. Nenda sehemu ya mwisho hapa chini.

## Kurekebisha ili lisirudi

Kwa mistari inayorukwa, acha mstari mmoja mtupu wenye rangi ya kijivu kati ya mkulima wa mwisho na jumla, na mwingine juu ya mkulima wa kwanza. Fomula ya jumla ianze kwenye kijivu cha juu na kuishia kwenye kijivu cha chini. Kanuni kwa karani ni fupi: mwanachama mpya huingizwa juu ya kijivu cha chini. Hapo kila mstari mpya uko katikati ya eneo, na eneo hupanuka lenyewe. Kwenye Excel unaweza pia kuifanya orodha kuwa jedwali kwa Ctrl+T, lakini nimeona jedwali likiwachanganya watu wanaozoea kuandika popote. Kijivu kinaeleweka siku hiyo hiyo.

Kwa nambari zilizochapwa, usimkataze karani kulipa dharura, mpe mahali pa kuiweka. Ongeza safu ya marekebisho kati ya makato na malipo halisi, pamoja na nafasi ya maelezo, na fomula ya malipo halisi iijumlishe. Safu hiyo ifutwe kila mwezi pamoja na lita na makato. Kisha funga safu za fomula: teua seli za kuandikwa (bei, majina, lita, makato, marekebisho, maelezo), ondoa alama ya Locked kwenye Format Cells, Protection, halafu Review, Protect Sheet. Ruhusu Insert rows kwenye orodha inayotokea, ila ujue kwamba mstari mpya huingia bila fomula na seli zake za fomula zikiwa zimefungwa, kwa hiyo ulinzi uondolewe kwa muda, fomula zivutwe, kisha urudishwe.

## Mahali pa kusimama

Usirekebishe mwezi ambao umeshalipwa na kusainiwa. Faili ya mwezi huo ibaki ilivyo, na marekebisho yaingie mwezi unaofuata kwenye safu yake, mkulima akiwa ameonyeshwa hesabu. Yule wa mstari wa 14 akatwe 360 baada ya kuelezwa, si kimya kimya.

Ita mhasibu kama lahajedwali hiyo ndiyo iliyotumika kuwasilisha PAYE ya wafanyakazi wa kikundi kwa KRA, maana kubadilisha seli hakubadilishi kilichokwisha kuwasilishwa. Mwite pia kama jumla inasoma faili nyingine (utaona jina la faili ndani ya mabano ya mraba kwenye fomula), kwa kuwa kupanua eneo hapa kunaweza kuvunja kitu kule.

Na ukikuta nambari iliyochapwa kwa mtu yule yule, miezi mfululizo, kila mwezi kiasi tofauti, acha kila kitu kama kilivyo. Hiyo si fomula iliyosahaulika, maana iliyosahaulika haibadiliki. Hifadhi nakala za miezi yote, usizungumze na karani wala mkulima, na upeleke kwa kamati ya usimamizi na mkaguzi wa hesabu za kikundi.